Helvetica au Arial kwa bango la gatini Lamu? Nimezilinganisha, sioni tofauti hata moja

BintiMkomani

Assalam alaykum wana jukwaa. Ami FundiMabango, ukipita hapa, shikamoo kwanza.

Nina kazi ya kibao cha gatini. Pale manahodha wanapopakia abiria kuna bango lenye vibao viwili. Kimoja kimeandikwa MOKOWE, cha pili UWANJA WA NDEGE MANDA, na kila kimoja kina mistari midogo ya nauli na mizigo chini yake. Sasa wanataka cha tatu cha SHELA, na sharti lao ni moja: kifanane na vile viwili, mtu akitazama asijue kipi kilikuja nyuma. Aliyevitengeneza vya kwanza alishahama na faili zake haziko. Mwenye kazi anachokumbuka ni kwamba ilikuwa "Helvetica au Arial, moja katika hizo".

Nilichofanya ni hiki. Nimefungua Word nikaandika maneno yote ya kibao kwa Arial. Ukurasa wa pili nikabandika maneno yaleyale, nikaandika Helvetica kwenye kisanduku cha fonti, ikakubali. Nikachapa karatasi mbili, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha moja juu ya nyingine, jua la mchana likipita nyuma yake. Wallahi hazipishani hata unywele. Si urefu, si upana, si mkunjo wa herufi. Sasa kama ni kitu kimoja, kwa nini zina majina mawili, na mimi nachaguaje?

Mpwani_Halisi

Dada usijichoshe. Arial ni Helvetica iliyoibiwa, basi. Walitaka kukwepa kulipa, wakaiga wakabadilisha jina. Weka yoyote. Ukitaka iliyo safi zaidi weka Helvetica Neue, ni ileile Helvetica ila mpya.

FundiMabango

Marahaba mwanangu.

Karatasi zako zimekueleza kitu, lakini sicho ulichodhani. Arial na Helvetica ni sawa kwa upana, herufi kwa herufi, na urefu wake karibu ni mmoja. Mchoro wake lakini si mmoja. Ukiziweka kwenye kioo kwa kweli, mistari ingelingana mwanzo na mwisho, ila ungeona kivuli kwenye ncha za herufi: juu ya t, mkiani mwa a, mguuni mwa R. Wewe umesema hujaona hata unywele. Maana yake umebandika Arial juu ya Arial.

Nikuulize: laptopu yako ni ya Windows? Na hiyo Helvetica uliichagua kwenye orodha, au uliandika jina kwa mkono?

BintiMkomani

Ni ya Windows, Ami. Kwenye orodha sikuiona, nikaandika jina mwenyewe. Lakini kisanduku kinaendelea kusema Helvetica mpaka sasa!

FundiMabango

Kisanduku kitakwambia lolote utakaloliandika. Andika "Samaki wa Kupaka" utaona nalo litakaa pale. Word hulihifadhi jina ulilotaka hata kama fonti yenyewe haimo kwenye mashine, kisha huazima nyingine kuonyesha na kuchapa. Kwa Helvetica, Windows ina agizo lake la tangu zamani: akiulizwa Helvetica, anatoa Arial, kimyakimya. Jionee mwenyewe, fungua dirisha la amri uandike hivi:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\FontSubstitutes" /v Helvetica
```

Halafu jambo la pili, ambalo utalihitaji kila siku ya kazi yako. Toa PDF ya zile kurasa mbili, ifungue kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, nenda kwenye Fonts. Pale ndipo ukweli ulipo. Niandikie ulichokiona.

BintiMkomani

Amri imerudisha hivi:

```
Helvetica    REG_SZ    Arial
```

Na kwenye Fonts kuna jina moja tu, ArialMT, kwa kurasa zote mbili. Helvetica haimo kabisa. Kumbe!

FundiMabango

Basi hapo sasa tunaanza.

Mpwani_Halisi, la wizi watu wamelibishania miaka na miaka, nami sitalimaliza hapa. Ila historia yake ni hii. Helvetica ilichorwa Uswisi mwaka 1957 na Max Miedinger akiwa na Eduard Hoffmann, ikaitwa kwanza Neue Haas Grotesk, ikabadilishwa jina mwaka 1960. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders pale kampuni ya Monotype, kwa ajili ya printa za leza za IBM. Maumbo yake yanafuata zaidi fonti ya zamani ya Monotype wenyewe, Grotesque. Walichokifuata kwa Helvetica bila kuficha ni upana. Kila herufi ya Arial imekatwa iingie kwenye nafasi ileile ya herufi ya Helvetica, ili barua iliyopangwa kwa moja ichapwe kwa nyingine bila mstari kuruka. Microsoft wakaitia kwenye Windows 3.1 mwaka 1992, ikaenea dunia nzima.

Na Helvetica Neue siyo "ileile". Ni ya 1983, imechorwa na kupangwa upya, na upana wa herufi zake si uleule wa zamani. Ukiibadilisha ndani ya kazi iliyokwisha kupangwa, mistari itasogea. Kwa kibao cha kufananisha ndiyo ya mwisho kuifikiria.

Mpwani_Halisi

Haya, la Neue nimekubali. La wizi bado, yakhe. Kuchukua vipimo vya mtu vyote ukabadilisha mikato ya ncha, mimi naita wizi.

NahodhaMstaafu

Vijana mnatatiza mambo. Zamani jina la jahazi tulipeleka kwa fundi wa rangi, akaandika kwa brashi, na hakuna aliyeuliza fonti. Na mimi nina swali langu. Nataka kuandika Bismillahi kwenye tezi ya mashua yangu kwa herufi za Kiarabu. Ipi nzuri kati ya hizo mbili?

FundiMabango

Mzee wangu, hiyo ni kazi ya khati, si ya hizi. Helvetica ya kawaida haina herufi za Kiarabu kabisa. Arial ya Windows inazo, lakini zimechorwa kwa ajili ya barua za ofisini. Ukiziweka kwenye tezi utajuta. Tafuta mwandishi wa khati hapohapo Lamu, akuandikie kwenye karatasi, ndiyo ichongwe.

BintiMkomani, swali la mzee limekuja upande lakini usilitupe. Waulize wenye bango kama watataka mstari wa Kiarabu siku za mbele. Wakitaka, usitegemee kwamba fonti ya maandishi ya chini itakubebea.

BintiMkomani

Nitawauliza. Sasa Ami, nijueje vile vibao vya zamani ni ipi? Nimefikiria niende na tepu nipime urefu wa neno MOKOWE, halafu nilinganishe na kompyuta.

FundiMabango

Tepu utaihitaji kwa ukubwa, lakini haitakujulisha fonti. Tuseme herufi kubwa za pale zina kimo cha sentimita 10. Kwenye Arial herufi kubwa huchukua 716 katika kila 1000 ya saizi ya fonti, kwenye Helvetica 718. Kwa hiyo saizi ni kama pointi 396 kwa Arial na 395 kwa Helvetica. MOKOWE kwa saizi hiyo itatoka na upana wa sentimita 65, kwa zote mbili. Kati ya 716 na 718, kwenye herufi ya sentimita 10 ni robo milimita. Stika iliyopigwa jua na chumvi imeshajivuta kuliko hapo.

Tena MOKOWE ni neno baya kwa kazi hii. M, O, K, W, E, hakuna hata moja inayosema kitu. Ungeweza kulitazama mpaka maghribi. SHELA nayo ina S peke yake: kwa Helvetica ncha za S zimekatwa mlalo, kwa Arial zimeinama kidogo. Kwa mbali huoni.

Nenda kwenye kibao cha Manda. NDEGE ina G, na G ndiyo shahidi wangu. Ya Helvetica ina kisigino: pale chini kulia mstari wa wima unashuka mpaka chini na kuacha kijiguu. Ya Arial haina, mkunjo unakutana na mstari na mambo yanaishia hapo.

Kisha tazama ile mistari midogo. Kiswahili kimetusaidia, maana kila mstari umejaa a. Kwenye Helvetica ya unene wa kawaida, a ina kimkia kinachopinda kulia chini. Kwenye Arial karibu haina. Tazama t: juu yake Helvetica imekatwa sawa, Arial imekatwa mshazari. Na kama kuna tarakimu 1, kile kibendera chake kwa Arial kinateremka mshazari, kwa Helvetica kinatoka karibu mlalo.

Piga picha ukiwa umesimama mbele kabisa, si kwa pembeni. Picha ya pembeni huinamisha kila mkato na utaona Arial kila mahali.

Mpwani_Halisi

Mimi nilipita pale juzi. Kibao cha Mokowe neno "Nauli" limeandikwa kwa herufi nene, a yake haina mkia. Arial hiyo, kesi imekwisha.

FundiMabango

Kesi haijaisha. Helvetica ikiwa nene nayo hupoteza kile kimkia cha a. Ndiyo maana nikasema ya unene wa kawaida. Kwenye maneno manene tazama t, au G, au R kama ipo: mguu wa R ya Helvetica unashuka karibu wima, wa Arial ni mstari wa mshazari mtupu. Ila umefanya vyema kutazama. Wengi hawatazami.

MalindiKwetu

Samahanini kuingilia. Niko Malindi, nina nyumba ndogo ya wageni. Risiti zangu nimezitengeneza kwa Word kwa Arial. Nikizituma kwa mgeni akifungua kwa simu, jumla inaruka ukurasa wa pili peke yake, na jina la nyumba linakatika. Nibadilishe niweke Helvetica?

FundiMabango

Hapana, kwako itakuwa yaleyale. Simu nyingi za Android hazina Arial wala Helvetica; fonti yake ni Roboto, na Roboto haikukatwa kwa upana huo. Programu isipokuwa na fonti mbadala yenye upana uleule, mistari itajipanga upya na ya mwisho itaanguka. Usitume faili ya Word. Toa PDF, fonti itasafiri ndani yake. Ukiwa huna budi kutuma Word, nenda File, Options, Save, utie alama kwenye "Embed fonts in the file", ingawa si kila simu itaiheshimu.

Wino_na_Karatasi

Nami nafanya kazi kwenye duka la kuchapa, Malindi pia. Niwaambie tunavyoona sisi huku nyuma ya kaunta. Mteja huleta faili ya CorelDRAW aliyoitengeneza kwa kompyuta nyingine. Tukiifungua linatokea onyo kwamba fonti fulani haipo, uchague ya badala. Kama ni fonti ya mapambo, mteja huona mara moja, hukasirika, tunampigia simu. Kama ni Helvetica, tunaweka Arial, hakuna kinachosogea hata kidogo, mteja anatazama prufu anasema sawa, kazi inakatwa. Sijawahi kumwona mteja aliyelalamika. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba kuna la kulalamikia mpaka leo nasoma hapa.

FundiMabango

Asante kwa kusema wazi. Na ukweli ni kwamba fonti zikipishana sana, kosa hujitangaza lenyewe. Zikikaribiana hivi hakuna wa kulipigia kelele, na kazi hutoka dukani ikiwa fonti nyingine.

BintiMkomani

Nimerudi kutoka gatini. Nilikwenda asubuhi kabla ya jua kupiga usoni mwa bango, maji yalikuwa yamepwa na nikapata pa kusimama mbele sawasawa.

Kimo cha herufi kubwa ni sentimita 10 kamili. MOKOWE ni sentimita 65 na kidogo, kama ulivyosema.

Kibao cha Manda: G ya NDEGE haina kisigino. Nimekuza picha mpaka ikaanza kuvunjika, hakuna. a za chini hazina mkia, t zimekatwa mshazari. Nikasema haya, ni Arial, nikataka kuondoka.

Halafu nikatazama kibao cha Mokowe ili niwe na uhakika. Kuna mstari "Nauli kwa mtu 1" na chini yake "Mizigo hulipiwa mbali". Ami, a zina mkia! Zote, isipokuwa ile ya Nauli iliyo nene. t zimekatwa sawa juu. Ile 1 kibendera chake kimelala. Hiki ni Helvetica.

Vibao viwili vya bango moja, saizi moja, rangi moja, vimetengenezwa siku moja, na kila kimoja fonti yake. Nimemwonyesha mwenyekiti wa manahodha, amekodoa macho kwenye simu yangu muda mrefu, akasema "mimi naona a".

Mpwani_Halisi

Ha ha ha! Na mimi napita pale kila wiki.

FundiMabango

Mwenyekiti hajakosea, ni a.

Nitakwambia ninavyodhani, ila ni kudhani tu. Aliyevitengeneza huenda alikuwa na Mac, maana Mac huja na Helvetica na Arial zote mbili. Kibao cha kwanza alikipeleka dukani herufi zikiwa zimevunjwa kuwa michoro, cha pili akapeleka maandishi hai. Duka likafungua la pili kwa Windows, likaweka Arial, upana haukubadilika, prufu ikapita. Ni hadithi ileile ya Wino_na_Karatasi.

Sasa swali lako la mwanzo limegeuka. Ulikuwa unauliza ni ipi kati ya mbili. Kumbe bango lenyewe halijui.

BintiMkomani

Ndiyo hapo nilipokwama. Mimi moyo wangu uko kwa Helvetica. Kibao cha Mokowe ndicho cha kwanza, na nikiri, baada ya kuitazama ile a yenye mkia, ile nyingine naiona kama imekatwa. Mistari midogo ya Mokowe inanipendeza zaidi.

FundiMabango

Jicho lako linafunguka, usilizuie. Lakini tuigawe kazi.

Neno SHELA lenyewe, lile la sentimita 10, halitaonyesha tofauti. Litakuwa na upana wa karibu sentimita 46 kwa fonti yoyote katika hizi, na msafiri aliye ndani ya mashua hataona ncha za S. Tofauti iko kwenye mistari midogo peke yake, ile inayosomwa na mtu aliyesimama karibu akihesabu hela. Pale zote mbili zinasomeka karibu sawa. Wengine husema Helvetica imejifunga zaidi, kwamba ncha za c, e na s zake zinakaribiana na kwa herufi ndogo zinaweza kuzibana. Ni kweli, lakini Arial haijaachana nayo mbali. Na udhaifu mkubwa wanao wote wawili: I kubwa na l ndogo ni vijiti vinavyofanana. Andika "Ijumaa" peke yake kwenye kona ya kibao uone kama mgeni hatasoma "ljumaa". Kwa kusomeka tu, bango hili lingestahili fonti ya tatu kabisa. Lakini hukuombwa hilo.

Umeombwa kufananisha. Kwa hiyo nauliza: kibao chako kitakaa ubavuni mwa kipi?

BintiMkomani

Kitakaa kulia, baada ya Manda. Mokowe iko kushoto kabisa.

FundiMabango

Basi mimi ningeweka Arial. Jirani yake ni Arial, na macho hulinganisha vilivyo karibu. Arial unayo kwa halali kwenye Windows yako, unaweza kuchapa kazi ya biashara nayo. Helvetica itabidi ununue leseni, au ukae kwenye Mac ya mtu. Na usikubali mtu akutumie faili ya fonti kwa WhatsApp, hata akisema ni zawadi. Leseni aliyonayo ni yake, na faili hizo zinazozunguka mara nyingine si hata Helvetica, ni mbadala iliyopewa jina.

Mpwani_Halisi

Fundi, hapo sikubaliani nawe. Kosa liko kwenye kibao cha Manda. Wewe unamshauri atengeneze cha tatu kifuate kosa. Kesho bango litakuwa na Arial mbili na Helvetica moja, na atakayekuja na cha nne, cha Matondoni, atasema Arial ndiyo asili. Anunue Helvetica, akate cha Shela na cha Manda upya, bango lirudi kama lilivyokusudiwa.

FundiMabango

Hoja yako ina uzito, na kama mwenye kazi angelipa vibao viwili na leseni ningekuunga mkono. Lakini aliyekusudia Helvetica ni nani? Huenda yule mtengenezaji alikusudia Arial, na kibao cha Mokowe ndicho kilichobadilishwa, tuseme alikitoa kwenye faili ya zamani. Hatujui. Tunachokijua ni kwamba vibao viwili vimekaa juani bega kwa bega na manahodha hawajapoteza abiria hata mmoja kwa sababu ya mkia wa a.

Wino_na_Karatasi

Upande wa gharama: kukata stika ya mistari midogo tu ni rahisi kuliko kibao kizima. Kama kibao cha Manda bado kizima, unaweza kubandua mistari ya chini ukaweka mipya, neno kubwa ukaliacha. Ila G ya NDEGE itabaki ya Arial. Na stika iliyokaa juani huacha kivuli kwenye rangi ya chini, mpya lazima iifunike.

BintiMkomani

Na mpya haitaifunika sawasawa, maana ile t ya mshazari itachungulia nyuma ya t iliyokatwa sawa!

FundiMabango

Umeona? Upana uleule, mchoro mwingine. Sasa unaijua.

BintiMkomani

Nimezungumza na mwenyekiti. Nimempa bei mbili: kibao cha Shela peke yake kwa Arial, au Shela na Manda zote kwa Helvetica pamoja na leseni. Amesema atakaa na wenzake, lakini ninavyomjua ni Shela peke yake. La mstari wa Kiarabu wanalitaka, ila "si sasa".

Tuseme ni Arial. Faili naipelekaje ili isinitokee kama yule wa kwanza? Duka liko Mombasa, sitakuwepo wakikata.

FundiMabango

Weka nakala mbili. Ya kwanza ina maandishi hai, hiyo ni yako, usimpe mtu, maana nauli itabadilika na utataka kuiandika upya. Ya pili ndiyo ya duka: chagua maandishi yote, kwenye CorelDRAW bonyeza Ctrl+Q, kwenye Illustrator nenda Type kisha Create Outlines. Baada ya hapo herufi si herufi tena, ni michoro, na hakuna mashine itakayouliza fonti. Hakikisha kwa kujaribu kusahihisha neno moja kwa kishale cha maandishi. Kikikubali kuingia, hujavunja. Soma maneno yote kabla ya kuvunja, kwa sababu baada ya hapo "Mizgio" itabaki "Mizgio" mpaka kiyama.

Kisha toa PDF ya nakala hiyo, Ctrl+D, Fonts. Orodha iwe tupu kabisa.

Na kwenye saizi usiwaandikie "pointi 396". Waandikie kimo cha H ya SHELA ni milimita 100. Pointi kila programu na kila duka lina namna ya kuzipunguza ili kazi iingie kwenye karatasi. Kwa milimita fundi ataweka rula.

Wakikuletea prufu kwa picha, usitazame SHELA. Tazama "mtu 1": t na tarakimu. Hapo ndipo utajua kama wamekata yako au yao.

MalindiKwetu

Fundi, nimefuata la PDF. Nimetoa ya risiti kwa ile programu ya mahesabu tunayotumia, si Word. Nikabonyeza Ctrl+D nikaenda Fonts. Imeandika Helvetica, na neno "Embedded" halipo popote. Mimi Helvetica sijawahi kuiweka kwenye kompyuta hii. Imetoka wapi?

FundiMabango

Haikutoka popote, na ndiyo maana hakuna "Embedded". PDF tangu zamani ina fonti 14 ambazo faili linaruhusiwa kuzitaja kwa jina bila kuzibeba, na Helvetica ni mojawapo. Programu nyingi za mahesabu huandika jina hilo tu na kuendelea. Kila atakayefungua risiti yako, mashine yake itaweka ilichonacho: huyu Arial, yule nyingine. Kwa sababu PDF hushikilia mahali pa kila mstari, na zinazotumika huwa na upana wa Helvetica, jumla haitaruka ukurasa. Hesabu zako ziko salama. Usiipeleke duka la kuchapa tu, kama una haja nayo iwe vilevile.

MalindiKwetu

Kwa hiyo mgeni wangu wa Nairobi na mimi tunatazama risiti moja kwa fonti mbili tofauti?

FundiMabango

Huenda. Muombe akupigie picha ya 1.

BintiMkomani

Taarifa: wamekubali Shela peke yake, Arial. Mpwani_Halisi, mwenyekiti ameuliza bei ya kubadilisha cha Mokowe kiwe Arial pia ili vyote vitatu vifanane. Nimemwambia nitamjibu kesho.

Mpwani_Halisi

Usimjibu!